Kuweka misimbo ya miradi kwenye stakabadhi na hati za malipo: mwongozo kamili kwa asasi ndogo

Ripoti nyingi za wafadhili ninazoletewa kuzirekebisha zina ugonjwa mmoja. Hati zipo, risiti zimebandikwa, kila karatasi imeandikwa msimbo wa mradi kwa kalamu nyekundu pembeni, na bado jumla haikubali. Mhasibu anarudia kuhesabu mara tatu, usiku unaingia, na mwishowe anaongeza mstari wa "matumizi mengineyo" ili kuziba pengo. Mfadhili akiuona mstari huo, ripoti inarudi.

Chanzo cha tatizo ni hiyo kalamu nyekundu. Msimbo umewekwa kwenye karatasi, ilhali karatasi moja inaweza kubeba fedha za miradi miwili, na fedha ile ile inaweza kuonekana kwenye karatasi tatu. Msimbo unapaswa kukaa kwenye kiasi. Hatua zote zilizo hapa chini zinatokana na kanuni hiyo.

Nitatumia mfano wa asasi ndogo ya Tanzania Bara yenye wafanyakazi watatu, miradi miwili na hati chache za mwezi Mei 2025. Mfano ni wa kutunga, lakini makosa yake nimeyaona yote, na mengine niliyafanya mimi mwenyewe.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Mikataba ya ruzuku pamoja na bajeti zilizoidhinishwa. Uwe nayo mezani, usitegemee kumbukumbu.
- Kitabu cha stakabadhi za michango, yaani nakala zinazobaki ofisini.
- Hati za malipo za mwezi mzima zikiwa na viambatisho vyake: risiti za EFD, ankara, orodha za mahudhurio, fomu za marejesho ya masurufu.
- Taarifa ya benki, taarifa ya simu ya ofisi inayotumika kulipia, na daftari la fedha taslimu.
- Daftari la safari za gari au pikipiki.
- Faili moja la Excel au Google Sheets lenye kurasa tatu: `Misimbo`, `Mapato` na `Matumizi`.

Risiti za EFD huchapwa kwenye karatasi inayofifia kwa joto na mwanga. Zipige picha au zitoe kopi siku zinapoingia ofisini. Ukisubiri mwisho wa robo mwaka, nyingine utazikuta nyeupe.

## Hatua ya 1: Tenganisha mradi na chanzo cha fedha

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa, na kosa lake huonekana wiki nyingi baadaye.

Mradi ni kazi inayofanyika. Chanzo ni fedha ya nani iliyolipia kazi hiyo. Asasi ya mfano wetu inachimba na kukarabati visima, na kazi hiyo inalipiwa na pande mbili: ruzuku ya mfadhili, na michango ya harambee ya wanakijiji na marafiki. Ukiwa na msimbo mmoja tu wa "VISIMA", ripoti ya mfadhili itameza matumizi ya harambee, na utakuwa umemwambia kuwa fedha yake ililipia kitu ambacho haikukilipia.

Kwa hiyo weka safu mbili. Kwenye ukurasa wa `Misimbo` andika hivi:

| Safu | Msimbo | Maana |
|---|---|---|
| Mradi | VIS | Visima |
| Mradi | ELM | Elimu, mafunzo ya walimu |
| Mradi | OFI | Uendeshaji wa ofisi |
| Chanzo | A1 | Ruzuku ya visima, 1 Januari – 31 Desemba 2025 |
| Chanzo | B1 | Ruzuku ya elimu, 1 Aprili 2025 – 31 Machi 2026 |
| Chanzo | H0 | Harambee, ya visima pekee |
| Chanzo | M0 | Michango isiyo na sharti |

Tarehe za kuanza na kuisha kwa kila ruzuku ziandike hapo hapo. Risiti ya vitabu ya tarehe 28 Machi 2025 haiwezi kupata chanzo B1 hata kama vitabu vilitumika kwenye semina ya Mei, kwa sababu mkataba ulianza tarehe 1 Aprili. Utapata jibu hilo kwa kutazama orodha, bila kubishana na mtu.

Safu ya tatu ni kifungu cha bajeti: mishahara, usafiri, mafunzo, vifaa. Majina na namba za vifungu zitoe kwenye bajeti ya mfadhili kama zilivyo. Usitunge zako kisha uzitafsiri siku ya kuandika ripoti.

Utajua umefaulu ukiweza kumpa mwenzako orodha hii na risiti moja, naye akafikia msimbo ule ule uliofikia wewe.

## Hatua ya 2: Soma kiasi sahihi kwenye karatasi

Risiti ya EFD ina tarakimu zaidi ya moja zinazofanana na jumla. Kuna `TOTAL EXCL OF TAX`, kuna `TOTAL TAX`, na kuna `TOTAL INCL OF TAX`. Fedha iliyotoka mfukoni ni hiyo ya mwisho. Asasi isiyosajiliwa kwa VAT hairudishiwi kodi hiyo, kwa hiyo gharama kamili ni pamoja na kodi. Hata hivyo andika kiasi cha kodi kwenye safu ya pembeni, maana utakihitaji kwenye hatua ya 4.

Kama unasoma karatasi kwa programu ya simu inayogeuza picha kuwa maandishi, ogopa mambo mawili. La kwanza ni nukta ya senti: 45,000.00 hugeuka 4,500,000 nukta ikipotea. La pili ni tarakimu zilizofifia, 1 ikisomwa 7, au 3 ikisomwa 8. Jumlisha bidhaa moja moja zilizo kwenye risiti uone kama zinafika kwenye jumla iliyochapwa. Zisipofika, kuna tarakimu imesomwa vibaya.

Risiti iliyofifia nusu bado inaweza kuokolewa. Ukiweza kusoma namba ya uhakiki na saa ya risiti, ingia verify.tra.go.tz, ziandike hapo, na taarifa za risiti zitakuja kwenye kioo. Chapa ukurasa huo, uambatishe na hati.

Stakabadhi za michango unazitoa wewe, hivyo kiasi huwa hakina utata. Utata huwa kwenye maneno. Soma mstari wa "kwa ajili ya" hadi mwisho, na usome pia ujumbe au barua iliyokuja na fedha. Mchangiaji akitaja kazi, amefunga fedha yake kwenye kazi hiyo, na wewe huna ruhusa ya kuifungua kwa kuandika M0.

## Hatua ya 3: Kila fedha iingie mara moja tu

Malipo moja huacha karatasi nyingi: ankara, hati ya malipo, risiti ya EFD, ujumbe wa simu au mstari wa benki. Zote zinaonyesha kiasi kile kile. Anayechambua bunda la karatasi moja baada ya nyingine ataandika malipo hayo mara mbili au tatu bila kujijua, hasa kama ankara ilifunguliwa Aprili na risiti ikatolewa Mei.

Dawa yake ni kuifanya namba ya hati ya malipo kuwa jina la familia nzima. Hati 031 inaitwa HM-031. Andika namba hiyo juu ya kila kiambatisho. Kwenye `Matumizi`, kila mstari unaanza na namba hiyo, ukifuatiwa na namba ya mstari: HM-031/1, HM-031/2. Ankara pekee haiingizi mstari wowote. Risiti isiyo na hati haiingii mpaka hati iandikwe.

Kwa michango tumia SM na namba ya stakabadhi: SM-0147/1. Stakabadhi iliyofutwa iandike pia, kiasi sifuri, na karatasi yake halisi ibaki kitabuni. Namba ikiruka, mkaguzi huuliza iliyoruka kabla ya kuuliza kitu kingine chochote.

## Hatua ya 4: Vunja kiasi kabla ya kukipa msimbo

Sasa tuingie kwenye karatasi zenyewe. Swali la kuuliza kila mara ni moja: je, fedha hii yote ni ya mradi mmoja na chanzo kimoja? Jibu likiwa hapana, vunja mstari kwanza.

Kuvunja kwa maneno ya mchangiaji. Stakabadhi SM-0147 ya tarehe 10 Mei ni ya Sh 1,200,000, na imeandikwa "laki nane ya visima, iliyobaki ofisi itumie itakavyoona". Inakuwa mistari miwili kwenye `Mapato`: 800,000 VIS H0, na 400,000 OFI M0. Kosa la kawaida ni kuipa yote VIS kwa kuwa visima ndivyo vimetajwa kwanza.

Kuvunja kwa bidhaa. Kwenye marejesho ya semina ya walimu kuna risiti ya duka la vifaa ya Sh 75,000. Ndani yake daftari na kalamu za semina ni 45,000, na karatasi za printa za ofisi ni 30,000. Aliyetumwa aliona heri anunue vyote safari moja, na hakukosea. Wewe andika 45,000 ELM B1 na 30,000 OFI M0.

Kuvunja kwa kipimo. Hati HM-031 ni mafuta ya gari, Sh 180,000. Gari lilienda visimani na lilienda shuleni. Hapa watu huandika "nusu kwa nusu", na nusu kwa nusu haina ushahidi wowote. Fungua daftari la safari. Mafuta hayo yaliendesha gari kilomita 360: safari za visima 252, safari za shule 108.

180,000 × 252 ÷ 360 = 126,000 VIS A1
180,000 × 108 ÷ 360 = 54,000 ELM B1

Kipimo ulichotumia kiandike kwenye safu ya "msingi wa mgawanyo": *km 252/360, daftari la safari uk. 14*. Bila maneno hayo, miezi sita baadaye hata wewe hutakumbuka 126,000 ilitoka wapi.

Umeme ni vivyo hivyo. LUKU ya Sh 50,000, HM-034, inatumiwa na wafanyakazi watatu, mmoja wa visima, mmoja wa elimu, mmoja wa ofisi. Ukigawa kwa tatu unapata 16,666.67, na ukizungusha kila sehemu jumla inazidi shilingi moja. Zungusha sehemu mbili za kwanza, kisha ya mwisho iwe ni kilichobaki: 16,667, 16,667 na 16,666. Shilingi moja inaonekana kichekesho, lakini ikijirudia kwenye hati arobaini inakuwa tofauti isiyo na maelezo.

Onyo: gharama za ofisi zigawe kwa mfadhili pale tu bajeti yake ina kifungu cha gharama hizo. Kama haina, sehemu yake inabebwa na M0, hata kama kwa haki mradi wake ndio uliotumia umeme.

Kuvunja kwa masharti ya mkataba. Hii huwashangaza wengi. HM-035 ni vipuri vya pampu, Sh 708,000, ambapo bei ni 600,000 na VAT ya asilimia 18 ni 108,000. Tuseme mkataba wa A1 unasema mfadhili halipii VAT. Vipuri vyote ni vya visima, kwa hiyo mradi haubadiliki. Kinachobadilika ni chanzo: 600,000 VIS A1, na 108,000 VIS H0. Harambee ilichangwa kwa ajili ya visima, na kodi hiyo ni gharama halali ya visima. Kwa mtindo wa msimbo mmoja mgawanyo huu usingewezekana kabisa.

Utajua umefaulu ikiwa jumla ya mistari ya kila hati inalingana na kiasi cha hati yenyewe, hadi shilingi ya mwisho:

```
=SUMIFS(Matumizi!E:E,Matumizi!A:A,"HM-031/*")
```

Hapa safu A ni namba ya hati pamoja na ya mstari, na E ni kiasi. Jibu lazima liwe 180000.

## Hatua ya 5: Shughulikia masurufu na kodi ya zuio

Aina hizi mbili za malipo ndizo zinazovuruga jumla kuliko nyingine zote, kwa sababu fedha inatoka siku moja na gharama inaonekana siku nyingine.

Masurufu kwanza. Tarehe 12 Mei, kwa HM-030, mratibu wa elimu alichukua Sh 600,000 za semina. Siku hiyo hakuna kilichotumika. Fedha imehama tu kutoka benki kwenda mkononi mwake. Usiipe msimbo wa mradi. Mimi huiweka kwenye orodha ya pembeni yenye jina la mhusika, tarehe na kiasi, na mstari unafungwa siku ya marejesho.

Tarehe 20 Mei alirejesha risiti za chakula 320,000, ukumbi 150,000 na lile duka la vifaa 75,000, jumla 545,000, pamoja na fedha taslimu 55,000. Sasa ndipo mistari inapoingia `Matumizi`: 515,000 ELM B1, na 30,000 za karatasi za printa OFI M0. Kwa kuwa hizo 600,000 zilitoka kwenye fedha ya B1, M0 inadaiwa 30,000 irudishe. Iandike, uhamishe.

Asiyejua hili huandika 600,000 masurufu yanapotoka na 545,000 risiti zinaporudi. Mradi wa elimu unaonekana umetumia zaidi ya mara mbili ya kilichotumika. Nilifanya hivyo mwaka wangu wa kwanza kazini, na mwenyekiti wa bodi ndiye aliyegundua, mbele ya bodi nzima.

Kodi ya zuio sasa. Mtaalamu wa kupima maji ardhini alitoza Sh 1,000,000. Ofisi ilizuia asilimia 5 kwa ajili ya TRA, ikamlipa 950,000 kwa HM-032 tarehe 16 Mei. Hizo 50,000 zinapaswa kufika TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha, kwa hiyo zitatoka mwanzoni mwa Juni kwa hati nyingine kabisa.

Gharama ya mradi ni milioni moja. Kwa ripoti inayofuata fedha iliyotoka, Mei unaandika 950,000 VIS A1, na Juni, malipo ya TRA yakifanyika, unaandika 50,000 VIS A1. Hatari iko Juni: malipo ya TRA huunganisha kodi za watoa huduma kadhaa, na mtu huyapa msimbo wa OFI kwa kuwa yanaonekana ni "mambo ya kodi". Yavunje kwa kurudi kwenye hati zilizozaa kila zuio. Hatari ya pili ni kuandika milioni moja Mei na 50,000 tena Juni. Chagua njia moja, uiandike juu ya ukurasa, na usibadilishe katikati ya mwaka.

Ruzuku ikiisha tarehe 31 Desemba na kodi ikalipwa Januari, soma mkataba unaruhusu nini kuhusu madeni ya kipindi. Njia salama ni kuilipa kodi hiyo kabla mwaka haujafungwa.

## Hatua ya 6: Ingiza misimbo, kisha gonga muhuri

Usiruhusu mtu aandike msimbo kwa mkono kwenye Excel. "VIS", "Vis " yenye nafasi nyuma, na "VISIMA" vinaonekana sawa kwa macho, lakini ile yenye nafasi na ile ndefu hazitahesabika kwenye jumla. Tumia `Data validation` ili safu ya mradi na ya chanzo ziwe orodha za kuchagua kutoka ukurasa wa `Misimbo`.

Baada ya hatua zilizotangulia, `Matumizi` ya Mei yanasomeka hivi. Nimeacha safu ya tarehe na ya kifungu ili isomeke kirahisi kwenye simu:

| Mstari | Maelezo | Kiasi | Mradi | Chanzo |
|---|---|---|---|---|
| HM-030/1 | Semina: chakula, ukumbi, vifaa | 515,000 | ELM | B1 |
| HM-030/2 | Karatasi za printa | 30,000 | OFI | M0 |
| HM-031/1 | Mafuta, km 252 | 126,000 | VIS | A1 |
| HM-031/2 | Mafuta, km 108 | 54,000 | ELM | B1 |
| HM-032/1 | Mtaalamu wa maji | 950,000 | VIS | A1 |
| HM-034/1 | LUKU | 16,667 | VIS | A1 |
| HM-034/2 | LUKU | 16,667 | ELM | B1 |
| HM-034/3 | LUKU | 16,666 | OFI | M0 |
| HM-035/1 | Vipuri vya pampu | 600,000 | VIS | A1 |
| HM-035/2 | VAT ya vipuri | 108,000 | VIS | H0 |

Kwenye kitabu halisi mstari wa HM-030/1 ungekuwa mitatu, risiti moja mstari mmoja, hapa nimeubana. Hati HM-033 ilifutwa, nayo ipo kitabuni na sifuri yake.

Kisha rudi kwenye karatasi. Gonga muhuri juu ya risiti yenyewe, si juu ya hati tu, na ujaze chanzo na kiasi: *A1: 126,000. B1: 54,000.* Kazi ya muhuri ni kuzuia risiti moja ya mafuta isipelekwe nzima kwa wafadhili wawili. Hata ikitokea kwa bahati mbaya, hilo ni jambo linaloweza kuvunja mkataba, na maelezo ya "tulisahau" hayasaidii. Usigonge juu ya tarakimu wala juu ya namba ya uhakiki.

## Hatua ya 7: Linganisha na fedha iliyotoka kweli

Anza na mistari isiyo na chanzo. Safu G ni chanzo:

```
=COUNTIFS(Matumizi!E:E,">0",Matumizi!G:G,"")
```

Jibu liwe sifuri. Kisha jumlisha mistari yote ya Mei: ni 2,433,000.

Sasa nenda benki, kwenye simu na kwenye kasha. Fedha iliyotoka kwa hati tano ni 180,000 + 950,000 + 600,000 + 50,000 + 708,000 = 2,488,000. Ondoa 55,000 zilizorudishwa na mratibu, unabaki na 2,433,000. Inakubali.

Lakini taarifa ya simu ya ofisi inaonyesha salio pungufu kwa 7,500. Hapo usiguse mgawanyo wowote ili kulazimisha jumla. Tofauti kama hii karibu kila mara ni makato: mtaalamu alilipwa kwa simu, ada ya kutuma ikakatwa, na ada hiyo haipo kwenye risiti yake bali kwenye ujumbe wa muamala. Ongeza HM-032/2, makato, 7,500, VIS A1, ikiwa bajeti ya A1 inakubali gharama za benki na simu. Jumla mpya ni 2,440,500.

Tofauti yenyewe hukupa dalili ya kosa. Ikigawanyika kwa 9 bila kubaki, shuku tarakimu mbili zimepishana, kama 54,000 kuandikwa 45,000. Ikilingana na kiasi kamili cha hati moja, hati hiyo imeingia mara mbili au haikuingia. Ikiwa ni shilingi moja au mbili, rudi kwenye migawanyo iliyozungushwa.

## Hatua ya 8: Toa namba za ripoti, na linda zilizokwisha kutumwa

Ripoti ya mfadhili inachujwa kwa chanzo na tarehe. Safu C ni tarehe:

```
=SUMIFS(Matumizi!E:E,Matumizi!G:G,"A1",
Matumizi!C:C,">="&DATE(2025,5,1),
Matumizi!C:C,"<="&DATE(2025,5,31))
```

Kwa A1 unapata 1,700,167. Ungechuja kwa mradi wa VIS ungepata 1,808,167, na hizo 108,000 za ziada ni VAT iliyolipwa na harambee. Namba zote mbili ni za kweli, ila ya pili inajibu swali la bodi, yaani visima vimegharimu kiasi gani, na si swali la mfadhili.

Kama ripoti ni ya euro au dola, badilisha jumla ya kila kifungu mwishoni kwa kiwango ambacho mkataba unaelekeza. Kubadilisha mstari mmoja mmoja kunazaa senti ambazo hazitakubaliana kamwe.

Chagua mistari mitatu bila kupendelea na uifuate hadi kabatini: kutoka ripoti hadi kifungu, kifungu hadi HM, HM hadi risiti yenye muhuri. Kisha chukua risiti mbili kabatini urudi nazo hadi kwenye ripoti. Ikikuchukua zaidi ya dakika mbili kwa kila moja, kuna namba haijaandikwa mahali.

Ripoti ikishatumwa, mistari yake isiguswe tena. Tuseme Julai unagundua safari moja ya kilomita 36 iliyohesabiwa ya visima ilikuwa ya shule. Usirudi Mei kufuta 126,000. Ingiza mistari miwili yenye tarehe ya Julai: HM-031/3, hasi 18,000, VIS A1, na HM-031/4, 18,000, ELM B1, na kwenye safu ya msingi uandike *marekebisho ya Mei, km 36, daftari la safari uk. 14*. Hizo 18,000 zihamishe pia benki kutoka fedha ya B1 kwenda A1, kisha uwataarifu wafadhili wote wawili kwenye maelezo ya ripoti inayofuata.